Manase Alizaliwa, Lakini Ndugu Zake Wakaja

Masomo: Mwanzo 41:50-52, Mwanzo 42:6-24, Mwanzo 50:15-21

Kwa wale ambao Jumapili mlikuwa safarini, ujumbe wenyewe ni huu. Nimeufupisha kidogo, na mahali pengine nimeongeza, kwa sababu kuna mambo ambayo saa ya ibada haikuyatosha.

Mwaka huu swali moja limekuja ofisini mwangu zaidi ya mara moja. Pasta, kwa nini naota mtu aliyenionea shuleni? Ni miaka 20 na zaidi. Simtafuti, sina habari naye, na nilishamsamehe siku ile nilipookoka. Lakini usiku anakuja, na asubuhi naamka moyo unapiga, na nina hasira mbichi kama ya jana. Je, sijasamehe? Au ni yeye ananifuata?

Wanaouliza ni watu wazima. Ni baba wa watoto, ni mama anayeongoza ushirika wa nyumbani. Huwa wanaanza kwa kucheka kidogo, kwa sababu wanaona aibu mtu wa umri huo kusumbuliwa na mambo ya darasa la saba. Usicheke. Hebu tufungue Mwanzo tumwangalie mtu aliyekuwa waziri wa Farao, mwenye pete na gari la kifalme, na mambo ya utotoni yakamkuta huko huko ofisini.

Yusufu alikuwa na miaka 17 alipotupwa shimoni na ndugu zake. Aliposimama mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Ikafuata miaka saba ya shibe, na katikati ya shibe hiyo akapata mtoto wa kwanza, akamwita Manase. Jina lile lina habari ya kusahau. Yusufu alisema waziwazi kwamba Mungu amemsahaulisha taabu yake na nyumba yote ya baba yake. Huo ulikuwa ushuhuda wake. Kama angekuwa kanisani kwetu angepewa kipaza sauti, na sisi tungepiga makofi.

Halafu njaa ikaja, na ndugu zake wakaingia mlangoni kununua nafaka.

Soma Mwanzo 42 polepole. Biblia inasema Yusufu aliwatambua, wao hawakumtambua. Mara moja akakumbuka zile ndoto alizoota juu yao akiwa kijana. Akaanza kusema nao kwa ukali. Akawaita wapelelezi. Akawafungia siku tatu. Huyu ni yule yule aliyekuwa ametoa ushuhuda wa kusahau! Manase anacheza pale uani, na baba yake ndani ameshikwa na mambo ya zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Na sasa kuna jambo ambalo nimelisoma miaka mingi bila kuona uzito wake. Ukirudi Mwanzo 37, pale Yusufu anapotupwa shimoni, hutasikia sauti yake hata kidogo. Wanamvua kanzu, wanamtupa, wanakaa kula chakula. Mtoto hasemi kitu. Tunakuja kujua kwamba alilia na kuwasihi katika sura ya 42, ndugu wenyewe wanaposemezana kwamba waliiona dhiki ya nafsi yake na hawakusikia. Kile kilio hakikuandikwa siku ile. Kilitokea zaidi ya miaka 20 baadaye, kinywani mwa watu wengine, na Yusufu aliyekuwa akijifanya hajui lugha yao, maana alikuwa ametumia mkalimani, akageuka upande akalia.

Mpendwa, hivyo ndivyo moyo unavyoweka vitu. Siku ya tukio wewe ni mtoto, huna mahali pa kulia, huna wa kumwambia, kwa hiyo kilio kinawekwa. Kinakaa. Kisha siku moja mlango unafunguliwa na kitu ambacho hukutarajia.

Nikueleze sasa habari ya ndugu mmoja wa kanisa hili. Ameniruhusu nisimulie, na tumekubaliana jina lake, mji wake na shule yake tuviache. Ana miaka 39, ni fundi wa stima, ana mke na watoto watatu. Alianza kuota Januari. Katika ndoto amerudi bwenini, yuko mtu mzima na ndevu zake, lakini amevaa kaptura ya shule. Kengele inalia. Sanduku lake la bati liko sakafuni, kufuli limefungwa, na ufunguo haupo. Mlangoni amesimama kiranja wa bweni lake wa wakati ule, anacheka tu, hampigi. Kisha kiatu kinaanza kulia kama simu. Hapo ndipo anaamka, mara nyingi kama saa kumi alfajiri, shuka limelowa jasho. Mwanzo ilikuwa mara moja kwa wiki. Kufikia mwisho wa Februari ilikuwa mara tatu.

Ninyi mliosoma shule za bweni mnajua habari ya kiatu. Mono akifika, yaani yule wa kidato cha kwanza, anaambiwa apime bweni kwa njiti ya kiberiti. Anaambiwa azime taa kwa kuipuliza. Na anaambiwa apige simu nyumbani kwa kiatu, na watu wakubwa wanazunguka kitanda wakicheka. Wengine wetu tunasimulia hayo kama mzaha, na kwa wengine yalikuwa mzaha kweli. Kwa huyu ndugu haikuwa. Usiku wa kwanza alipewa kiatu, akaambiwa, mpigie mama yako umwage machozi. Mama yake alikuwa amezikwa Desemba ile. Hakuna aliyejua. Akashika kiatu, akasema, haloo mama. Bweni zima likaangua kicheko.

Mke wake wa miaka 16 alikuwa hajawahi kusikia habari hiyo. Mimi nilikuwa mtu wa pili kuambiwa, na wa kwanza alikuwa mtu aliyemwelekeza vibaya. Mtu huyo si wa kanisa hili, na sitamtaja. Alimwambia kwamba ukiota shule ya zamani, hiyo ni roho ya kurudishwa nyuma, na yule unayemwona ndotoni ndiye anayeshika nyota yako. Mafundisho haya yamezunguka sana, redioni na kwenye simu. Ndugu yetu akafunga siku tatu, na kila usiku akakesha akitaja jina la yule kiranja mpaka usingizi ukamchukua. Sasa, ukilala ukiwa na jina la mtu mdomoni, usishangae ukimkuta ndotoni. Ndoto zikaongezeka. Naye akaona kuongezeka ndiko ushahidi. Yule kiranja wa zamani siku hizi ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na linafanya vizuri. Basi hesabu ikakamilika kichwani: yake inapanda kwa sababu yangu inashuka. Alipokuja kwangu alikuwa amefikia kutaka kwenda dukani na vijana wawili, ili, kama alivyosema, amrudishie vyake.

Tusilichukulie jambo hili kirahisi. Katika nchi hii, Kisii na Kilifi, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na shaka kama hizo zinaweza kuanza na neno dogo tu la mtu kusema amemwota jirani yake.

Mimi ni Mpentekoste. Naamini Mungu husema na watu kwa ndoto, na yeye ndiye aliyemwonya Yusufu mume wa Mariamu aondoke na mtoto usiku. Sisemi pia kwamba adui haujui usingizi wetu. Lakini Biblia hiyo hiyo, Mhubiri 5:3, inatuambia kwamba ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi, na katika Yeremia 23 Bwana anawakasirikia watu wanaosema tu, nimeota, nimeota. Kwa hiyo si kila ndoto ni barua. Nilimuuliza ndugu yetu swali moja. Yule kiranja ndotoni ana umri gani? Akafikiri. Akasema, ni kijana, kama miaka 18, amevaa sare ya shule. Nikamuuliza, na dukani yukoje? Akasema, sasa ni mzee kidogo, amenenepa. Nikamwambia, ndugu yangu, kama angekuwa anakuja mwenyewe usiku, angekuja na kitambi chake. Huyo unayemwona ni picha uliyoiweka wewe siku ile. Yeye mwenyewe amelala kwake.

Alicheka, mara ya kwanza siku ile.

Na saa kumi alfajiri je? Wengi mnaniuliza habari ya saa, mkidhani ndiyo saa ya wachawi. Usingizi wa mtu mzima huenda kwa mizunguko, mmoja kama dakika 90, na kwa usiku mmoja inaweza kuwa minne au mitano. Ndani ya kila mzunguko kuna kipindi ambapo macho yanachezacheza chini ya kope, mwili umelegea kabisa, na ubongo unafanya kazi karibu kama mtu aliye macho. Ndoto zenye picha na kisa huja sana wakati huo. Kipindi hicho mwanzoni mwa usiku ni kifupi, kuelekea alfajiri kinakuwa kirefu. Mtu aliyelala saa nne ataota zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja, awe Mkristo au asiwe. Tena, wakati huo sehemu ya ubongo inayohusika na hofu iko macho sana, na ile inayopima mambo imepunguza kazi. Ndiyo maana unavaa kaptura ukiwa na ndevu na huoni ajabu, lakini hofu unaisikia nzima nzima.

Lakini kwa nini Januari? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo ndugu yetu alipopona nusu.

Nilimwambia achukue daftari la mazoezi la mtoto, la kurasa chache tu, aandike upande mmoja ndoto na tarehe, na upande wa pili aandike alichofanya siku ile na siku mbili kabla. Asitafsiri, aandike tu. Alirudi baada ya wiki mbili. Sikuhitaji kusoma mengi. Kila ndoto ilikuwa na jambo la shule kabla yake. Siku aliyolipa karo. Siku mtoto alipopiga simu kutoka kwa mwalimu. Siku mke alipouliza habari ya siku ya wazazi. Na ndoto ya kwanza kabisa, alipokumbuka vizuri, ilikuja usiku wa siku aliyonunua sanduku la bati na kufuli. Mtoto wake wa kwanza, mvulana wa miaka 15, alikuwa anaenda shule ya bweni.

Unaona, watu wa Mungu? Ndugu yetu hakuwa anaogopa kiranja. Alikuwa baba anayemwogopea mtoto, na moyo ulipotafuta mahali ulipowahi kuonja hofu kama hiyo, ukaenda bwenini ukaleta picha iliyokuwa tayari. Kwa Yusufu mlango ulifunguliwa na njaa. Kwa huyu ulifunguliwa na sanduku. Kwa dada mwingine ulikuwa bosi mpya kazini mwenye kicheko kama cha msichana fulani wa darasa la sita. Kwa mwingine ni kikundi cha WhatsApp cha waliomaliza pamoja: ameongezwa bila kuulizwa, na jina la kwanza kuona ni lile. Ukiota mtu wa zamani, uliza kwanza habari ya wiki hii. Ni nini kimegusa pale?

Na si lazima hisia iwe hofu. Wako wanaoota mpinzani wao wa darasani, yule aliyekuwa namba moja wakati wewe ni namba mbili, na wanaamka na wivu. Wengine wanaota adui wa zamani amefilisika, na wanaamka wamefurahi, kisha wanaona haya siku nzima. Hana alichokozwa na Penina mwaka baada ya mwaka, na Biblia haifichi kwamba alilia asile. Ndoto haikuhesabiwi dhambi, hukuichagua. Unachofanya nayo asubuhi ndicho unachokichagua.

Ndugu yetu alikuwa na mambo mawili ya kufanya asubuhi, na yote mawili alihitaji msaada. La kwanza lilikuwa mtoto. Jumamosi ya kutembelea, aliketi naye chini ya mti akamwambia habari ya kiatu. Yote, hata ya mama. Kisha akamuuliza, na wewe je? Mtoto alinyamaza kidogo, akasema mambo madogo madogo, wanamchukulia sabuni, wanamtuma maji usiku. Baba akaenda kwa mwalimu wa bweni siku hiyo hiyo, kwa heshima, na bweni la mtoto likabadilishwa. Mzazi, ukisikia jambo hili usimwambie mtoto avumilie ati na wewe ulivumilia. Uliweka kilio chako mahali, na ona kinakutoka saa kumi alfajiri.

La pili lilikuwa ndoto yenyewe. Kuna njia ambayo madaktari wa usingizi wanaitumia, na mimi nilifundishwa na mshauri wa hospitali. Daktari mmoja Mmarekani, Barry Krakow, na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliokuwa wamedhulumiwa na waliokuwa na jinamizi kila wiki, wakachapisha matokeo mwaka 2001, na jinamizi zilipungua. Ni rahisi. Mchana, si usiku, unaandika ndoto yako kama ilivyo. Kisha unaandika tena, lakini unabadilisha upendavyo, mwanzo, katikati au mwisho. Halafu ile mpya, ile tu, unaipitia kichwani ukiwa umefumba macho, dakika kumi hadi 20 kila siku, kama mtu anayejifunza wimbo. Ile ya zamani huirudii. Ukiwa na ndoto nyingi, anza na iliyo nyepesi, usianze na ile inayokutetemesha.

Nilidhani ndugu yetu angeandika anampiga kiranja ngumi. Sivyo. Aliandika hivi: kengele inalia, sanduku liko sakafuni, kiatu kinalia kama simu. Anakiokota. Anasema, haloo mama. Na mama anaitika. Anamuuliza kama amekula. Wanazungumza. Watu mlangoni wanacheka lakini sauti zao ziko mbali, kama redio ya jirani. Akimaliza kuzungumza anavaa kile kiatu, kwa sababu ni kiatu, anatoka.

Tulikaa kimya tuliposoma, yeye na mimi. Kila jioni baada ya chakula cha watoto alipitia hiyo, kisha akaomba. Na katika kuomba nilimwambia kitu kimoja: usitaje jina la yule mtu usiku. Mwombee asubuhi, ukiwa umesimama, mchana unakuja. Mwombee duka lake na watoto wake. Wiki ya kwanza alisema maneno yalikuwa kama mchanga mdomoni, na sikumwambia ayaone matamu. Kufikia Aprili ndoto ilikuwa imeshuka hadi mara moja kwa mwezi.

Nisiwaache bila onyo. Njia hii ni ya ndoto za kawaida za uchungu wa zamani. Kama ndoto inarudia tukio lenyewe neno kwa neno, kama mchana pia tukio linakujia ghafla ukiwa macho, kama unaogopa kulala, kama unapiga au kurusha mateke usingizini hata mwenzako anaumia, au umeanza kuona afadhali usiwepo, usibaki na daftari peke yako. Nenda hospitali, uzungumze na daktari au mshauri, nami nitakusindikiza ukitaka. Tena angalia dawa. Zipo dawa zinazoleta ndoto kali, kwa mfano efavirenzi iliyotumika sana kwa virusi vya ukimwi, na meflokwini ya kuzuia malaria. Kama ndoto zilianza siku chache baada ya kuanza dawa mpya, mwambie daktari. Usiache dawa mwenyewe, na usimruhusu mtu yeyote akuambie uiache kwa jina la imani.

Sasa, swali la kusamehe. Je, ndoto ikirudi ina maana hukusamehe? Rudi kwa Yusufu. Aliwasamehe, lakini tazama alivyofanya. Hakuwakumbatia mlangoni. Alimshika Simeoni, akataka Benyamini aletwe, kisha akaweka kikombe cha fedha katika gunia la Benyamini. Watu husema alikuwa analipiza. Mimi naona alikuwa anataka kujua jambo moja: mtoto mwingine wa Raheli akiwa hatarini, ndugu hawa watamwacha tena wakaendelee kula? Na aliyesimama ni Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumuuza Yusufu. Safari hii akajitoa yeye awe mtumwa badala ya kijana. Hapo Yusufu hakuweza kujizuia. Kusamehe kulikuwa kwake. Kuwaamini tena kulihitaji kuona. Kwa hiyo unaweza kumsamehe mtu kabisa na bado usimpe funguo za nyumba.

Na alipojidhihirisha, aliwatoa Wamisri wote nje kwanza. Halafu akasema wazi, mimi ndiye mliyeniuza. Hakusema, ah, yalipita, tulikuwa watoto. Alitaja jambo kwa jina lake, lakini hakulitaja mbele ya watu. Wale wenye vikundi vya WhatsApp, mnanisikia?

Ndugu yetu alienda dukani mwezi wa Mei, bila vijana wawili. Alihitaji nyaya na soketi za kazi, na alikuwa angeweza kununua kwingine. Yule mtu akamkaribisha, karibu fundi, akamhesabia bei vizuri. Hakumtambua hata kidogo. Ni kama ndugu za Yusufu, wao hawakumtambua. Wateja walipotoka, ndugu yetu akamwambia: tulikuwa bweni moja, wewe ulikuwa kiranja, ulinipa kiatu nimpigie mama yangu simu, na mama yangu alikuwa amekufa mwezi uliotangulia. Mtu yule alimwangalia. Akasema, ndugu yangu, mambo hayo tuliwafanyia wengi, wewe sikukumbuki. Akanyamaza. Kisha akasema, pole. Akauliza mama alikuwa anaitwa nani.

Nilimuuliza ndugu yetu kama neno hilo lilitosha. Alisema halikutosha, lakini hakuwa ameenda kuchukua kitu. Msamaha wake alikuwa ameutoa asubuhi zile za mchanga mdomoni, na kama angesubiri yule mtu akumbuke, angesubiri mpaka leo.

Yakobo aliishi Misri miaka 17, na alipokufa, ndugu za Yusufu wakaogopa upya. Wakatuma ujumbe kuomba msamaha, kwa sababu hata wao picha ilikuwa imekaa. Baada ya miaka yote hiyo ya kula meza moja, Yusufu aliposikia maneno yao alilia tena, akawaambia wasiogope, na akaahidi kuwalisha wao na watoto wao. Ndugu yetu naye ameota mara mbili tangu Mei. Mara ya mwisho ilikuwa usiku wa kuamkia siku ya kufungua shule. Aliamka, akaandika tarehe kwenye daftari, akaenda kumwangalia mtoto aliyekuwa amelala na sanduku lake tayari mlangoni, akarudi kitandani akalala mpaka kulipokucha.